Zoezi la Historia: Ukurasa wa Daftari Kuhusu Reli Kufika Kisumu

Darasa la jioni, Kondele. Muda: dakika 40. Alama: 12, mbili kwa kila swali.

Picha mliyotumiwa kwenye simu ni ya ukurasa mmoja wa daftari la familia. Samahani kwa kivuli cha kidole changu pale chini. Usomeni mara mbili kabla ya kutazama maswali, na mara ya pili msome mkishika kalamu. Kwa wale ambao skrini zao zimepasuka, nimeunakili hapa neno kwa neno:

“Naandika haya Desemba 1964, mimi niliyezaliwa baada ya mambo yenyewe. Baba alizoea kusema kwamba garimoshi halikuja ghafla. Walitangulia watu wenye minyororo na vigingi, wakapima ardhi mpaka ufukweni. Nyuma yao wakaja Wahindi na watu wa pwani wakibeba vyuma na mataruma. Yeye alikuwa kijana; akakata kuni za injini, akalipwa rupia t... (maji yamefuta) kwa mwezi. Siku lilipofika, nyanya alikimbilia migombani, baba akabaki kutazama. Huo ulikuwa mwaka wa 1903. Hivyo ndivyo reli ilivyofika magharibi mwa Kenya. Baba hakuwahi kupanda garimoshi hilo mpaka alipozeeka. Nyumba ya kwanza aliyoitolea kodi ilikuwa ya nyanya. Alisema: ‘Gari lilituletea chumvi, na karani wa kodi akashuka kwenye behewa hilohilo.’”

1. Mwandishi alizipataje habari za siku garimoshi lilipofika?
A. Alikuwepo
B. Alisimuliwa na babake
C. Alizisoma gazetini
D. Alisimuliwa na mpima ardhi

2. Baba alilipwa rupia ngapi kwa mwezi?
A. Tatu
B. Tano
C. Tisa
D. Ukurasa hautoshi kuamua

3. Kumbukumbu za ujenzi zinaonyesha kuwa reli iliyoanza Mombasa 1896 ilifika ziwani Desemba 1901. Ukurasa unasema 1903. Hitimisho lipi ni la haki?
A. Mwaka huenda umekosewa, lakini masimulizi ya kuni na kodi bado yanaweza kutufaa
B. Ukurasa wote ni uongo
C. Kumbukumbu za ujenzi ni uongo, kwa kuwa baba alishuhudia
D. Garimoshi lilifika mara mbili

4. Ukiacha tarehe ya juu, neno lipi linaonyesha kuwa masimulizi yaliandikwa miaka mingi baada ya tukio?
A. Rupia
B. Kuni
C. Kenya
D. Vigingi

5. Maelezo yote manne ni ya kweli. Lipi halimo katika ukurasa?
A. Wapimaji walitangulia reli
B. Wazungu waliuita mji huu Port Florence
C. Wahindi walifanya kazi ya reli
D. Injini zilitumia kuni

6. Baba aliionaje reli?
A. Kama baraka tupu
B. Kama laana tupu
C. Kama kitu kilicholeta faida na mzigo pamoja
D. Hakuijali

MAJIBU (msifungue kabla ya kumaliza, najua mtafungua)

1: B. “Baba alizoea kusema.” Aliyechagua A hakusoma sentensi ya kwanza.

2: D. Tatu, tano na tisa zote zinaanza na t. Wengi mtachagua tano kwa sababu inaonekana ya kawaida, nami nilikaribia kufanya vivyo hivyo. Lakini doa la maji si ushahidi wa tano.

3: A. Hapa ndipo penye kazi. Baba aliona gari kwa macho yake, lakini mwaka umeandikwa na mwana, zaidi ya miaka 60 baadaye, na ukurasa hausemi aliupata wapi. Mtu husahau tarehe upesi kuliko anavyosahau uzito wa kuni begani. Kwa hiyo tunapima kila dai peke yake: tarehe tunailinganisha na kumbukumbu za ujenzi, na habari za migombani tunaziacha zibaki masimulizi ya nyumbani. Anayechagua C anasahau kuwa shahidi na mwandishi ni watu wawili.

4: C. Mwaka 1901 Kisumu ilikuwa chini ya Himaya ya Uganda. Ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki 1902. Jina la Koloni la Kenya lilianza kutumika 1920. Rupia ilikuwa pesa ya wakati huo, kwa hiyo A haikusaidii.

5: B. Hili ndilo litakalowanyima alama wale wanaojua mengi. Ni kweli mji uliitwa hivyo. Ila ukurasa uko kimya, nasi tumeulizwa kuhusu ukurasa.

6: C. Chumvi na karani, behewa moja. Aliyechagua B aisome sentensi ya mwisho tena kuanzia neno “chumvi”.