Barua kwa wazazi wa darasa la kwanza: kwanini naanza na Kinyakyusa

Wazazi na walezi wangu, habari za mvua huko majumbani.

Nimesikia maneno yanayozunguka kwenye grupu letu na kule sokoni, kwamba mwalimu wa darasa la kwanza anawafundisha watoto Kinyakyusa badala ya kuwafundisha shule. Mama mmoja alikuja mpaka ofisini akaniambia "mwalimu, Kinyakyusa anacho nyumbani, mimi nimemleta huku apate Kingereza". Nilimwelewa kabisa, ila naona bora niwaandikie wote kuliko kumjibu mmoja mmoja njiani.

Kwanza mtulie, sijabadilisha mtaala. Vitabu ni vya Kiswahili, ubaoni naandika Kiswahili, upimaji wa darasa la nne nao watafanya kwa Kiswahili. Ninachofanya ni kuelezea kwa mdomo kwa Kinyakyusa miezi hii ya mwanzo, alafu napunguza kidogo kidogo kadri wanavyokizoea Kiswahili.

Sasa kwanini. Wengi wa watoto hawa wamelelewa na bibi zao huku juu milimani, Kiswahili wamekutana nacho vizuri pale walipoanza shule. Mtoto kama huyo ukimwekea silabi ubaoni atazikariri zote, ba be bi bo bu, anaimba vizuri na wenzake mpaka unafurahi, ila mwite peke yake asome sentensi fupi alafu umuulize imesema nini, anakutazama tu. Sio kwamba hana akili, herufi anazitamka lakini maana haimfikii, na kusoma bila maana sio kusoma. Akishaelewa kwa lugha yake kwamba zile alama zinabeba maneno ya mtu, hilo halifundishwi mara ya pili, anahama nalo kwenda Kiswahili na baadae Kingereza, kazi inayobaki ni maneno mapya tu.

Hesabu ndo usiseme. Nikisema "una maharage saba, toa matatu, yamebaki mangapi" kuna watoto wananyoosha mikono kunipa maharage. Nikiuliza hivyo hivyo kwa Kinyakyusa wananijibu kabla sijamaliza, maana nyumbani wanahesabu ndizi na vifaranga kila siku. Hesabu wanaijua, kilichowashinda ni swali.

Na kuna hili la unyonge, ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote. Mtoto asiyeelewa anakaa kimya, akikaa kimya anaitwa mzito, akiitwa mzito mwaka mzima anaamini, mwisho utoro. Wengine hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni wanashindwa. Baadhi yenu mnakumbuka enzi zile za kuvalishwa kibao shingoni kwa kuongea kilugha, mniambie kama kibao kilimfundisha mtu kitu zaidi ya kuogopa kufungua mdomo.

Hili sijalitunga mimi. UNESCO walishalisema tangu 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya mama yake. Kule Ife, Nigeria, mwaka 1970 walianza mradi, kundi moja likasoma miaka yote 6 ya msingi kwa Kiyoruba huku Kingereza wakifundishwa kama somo, kundi lingine likahamia Kingereza baada ya miaka 3. Wale wa Kiyoruba ndo walifanya vizuri zaidi, na hata kwenye Kingereza chenyewe hawakuachwa nyuma. Majirani zetu Kenya nao sera yao inasema madarasa ya chini watumie lugha ya eneo husika.

Najua kuna watoto wachache ambao Kinyakyusa hawakijui, wazazi wao wamehamia kikazi au ni Wasafwa. Hao nimewakalisha mbele na kila kitu narudia kwa Kiswahili, hakuna anayepitwa. Inanichosha kidogo, ila mimi mwenyewe ni Mhehe wa Iringa, Kinyakyusa nimejifunzia hapa hapa kazini, najua kukaa sehemu watu wanaongea wewe unacheka tu ili uonekane umo.

Nyumbani naomba msiwakataze kuongea Kinyakyusa, na msiwachanganyie Kiswahili cha kuokoteza mkidhani mnanisaidia. Mwambie tu akusimulie alichosoma leo, kwa lugha yoyote, alafu umuulize maswali. Daftari hata kama wewe husomi mfungulie, akuonyeshe.

Alhamisi hii saa 8 mchana tukutane darasani kwangu, mje muwasikilize wakisoma. Natafuta pia bibi au babu wawili wa kuja Ijumaa kuwasimulia watoto hadithi za zamani, nusu saa tu, chai nitachemsha mwenyewe. Mwenye swali la haraka anipigie jioni, mchana simu naiacha ofisini.

Mwalimu wenu wa darasa la kwanza