Urojo bila embe mbichi: jibu kwa mdogo wangu wa Dodoma

Waalaikum salaam mdogo wangu. Umeandika "dada naomba usinicheke", sasa nikucheke kwa lipi? Mwezi wa sita huu, hata hapa Unguja embe mbichi nililotumia kwenye video nimelipata kwa kubahatisha, sembuse sokoni kwenu Dodoma. Swali lako, utie nini badala ya embe kwenye urojo wa kumpikia mama mkwe Jumapili, ni la haki kabisa, na kosa ni langu sikulisema mapema.

Tumia ukwaju. Chukua wa kupikia, ule wenye kokwa na nyuzi, si juisi ya chupa maana ile ina sukari. Kwa sufuria ya lita moja na nusu kama yangu, donge la ukubwa wa yai linatosha. Loweka kwenye kikombe cha maji ya moto robo saa, lifikiche kwa mkono mpaka kokwa zibaki tupu, halafu chuja.

Ila usiumimine wote. Ukwaju una rangi, na ukizidi urojo wako utatoka kama uji wa ulezi badala ya ule umanjano tunaoupenda. Tia nusu kwanza, uonje. Ukali uliobaki umalizie kwa ndimu, na ndimu iingie ukishaepua sufuria, si wakati urojo unatokota. Hapo naomba unisikilize vizuri kwa sababu yalinikuta: urojo wangu wa mwanzo nilikamua ndimu tatu, na kokwa zake humo humo, nikaziacha zichemke pamoja na unga. Ukawa mchungu kama shubiri. Marehemu shangazi yangu akanywa bakuli zima, akafuta mdomo, akasema, "Ungetia na pilipili kidogo." Basi. Hakusema jengine.

Kitu kingine ambacho watu hawakitaji: embe haliji na ukali peke yake. Nyama yake ikichemka inalainika na kuupa urojo ule uzito. Ukwaju hauna hiyo. Kwa hiyo chemsha kiazi kimoja cha wastani, kiponde mpaka kiwe laini kabisa, ukikoroge na maji ya ukwaju kabla ya kutia sufuriani. Ukifanya hivyo unga wa ngano ubaki vijiko vinne vile vile, usiongeze.

Na hapo ndipo nadhani palipokuharibikia mara ile, uliposema ulitoka mabongemabonge mume akauliza kama ni ugali umekataa kuiva. (Mwambie shemeji nimemsikia.) Unga hautiwi kwenye maji ya moto. Ukoroge pembeni kwa maji baridi mpaka uwe kama maziwa, upitishe kwenye chujio, kisha mimina polepole mkono mwingine ukiendelea kukoroga. Moto mdogo, dakika kumi au zaidi, mpaka harufu ya unga mbichi iondoke. Yakitokea mabonge hata hivyo, usimwage kitu. Chuja sufuria nzima, rudisha motoni, hakuna atakayejua.

Yule aliyekushauri siki kwenye maoni hapo juu najua ana nia njema, lakini siki inaacha harufu ya achari, mimi siipendi kwenye urojo. Na ubuyu mliojaliwa huko kwenu uache uwe juisi, si wa kujaribia siku ambayo mama mkwe anatoka Pemba!

Maana hilo ndilo naona limekutia hofu zaidi kuliko embe. Mdogo wangu, mtu aliyesafiri kutoka Pemba mpaka Dodoma akakuta mkwewe kamwandalia urojo, ataanza na furaha, ukali ataupima baadaye. Na wewe usijifiche, mwambie tangu mwanzo: "Mama, embe sikupata, nimetumia ukwaju." Mimi nikimjua mama wa kwetu, atakwambia mwenyewe anavyofanya yeye, na hapo mtakuwa mmeshakaa jikoni pamoja.

Bhajia za dengu, kachori na viazi vya kuchemsha fanya kama kwenye video, hakuna kinachobadilika. Chipsi za muhogo zikaange mwisho kabisa na uzitie juu ya bakuli wakati wa kula, zikikaa zinalowa. Chatini ya nazi na pilipili weka pembeni kila mtu ajitilie, na vipande vya ndimu kwenye kisahani, ili anayetaka ukali zaidi ajikamulie mwenyewe bila kukuuliza.

Jaribu Ijumaa jioni sufuria ndogo, nyinyi wawili tu, ndiyo uwe umeshajua kiasi chako cha ukwaju kabla ya Jumapili. Na ukikwama katikati uliza hapa hapa, Ijumaa nipo nyumbani.