Handova ya mchana: bedi 2, 4 na 5, na hiyo "saa 8"

13:12 – Sista wa zamu ya asubuhi

Timu, handova ya chumba cha mapumziko. Bedi 2, mtoto kilo 12, mRDT pozitivu, fest dozi ya ALu imeingia asubuhi, yuko stebo. Bedi 4, mtoto kilo 18, mRDT pozitivu, alitapika mara mbili kabla ya dawa, fest dozi imekaa vizuri. Wote wawili nekisti dozi saa 8. Bedi 5, mama mtu mzima kilo 50, malaria kali, yupo kwenye artesunate, nekisti dozi saa 12. Plizi msisahau, na mconfemu mkishampa.

13:20 – Nesi wa zamu ya mchana

Shikamoo Sista. Nimepokea, ila naomba ufafanuzi kabla sijagusa dawa. Hiyo saa 8 ni saa 8 mchana, yaani dakika arobaini kutoka sasa, au ni masaa 8 tangu fest dozi? Kwenye chati ya bedi 4 naona imeandikwa 11:00. Na saa 12 ya bedi 5 ni saa 12 jioni au ni kila masaa 12?

13:34 – Tabibu wa zamu

Umefanya vyema kuuliza, dada. Bedi 4 usimpe dawa saa 8 mchana. Naomba wote msome hapa mpaka mwisho, maana ujumbe wa Sista una maana mbili na zote zinasomeka sawasawa.

Mwongozo wa ALu unasema dozi ya pili itolewe masaa 8 baada ya ya kwanza. Sisi tukiandika kwa haraka tunakata maneno, inabaki "saa 8". Anayepokea zamu anasoma saa ya ukutani, yaani 14:00. Aliyezoea saa ya Kizungu naye anasoma nane ya jioni, 20:00. Wa usiku anaweza kusoma saa 8 usiku, 02:00. Maneno ni yale yale, na mtoto anaweza kupewa dawa nyakati nne tofauti.

Kilichotuficha leo ni bedi 2. Yeye alianza 06:00, saa 12 asubuhi. Ongeza masaa 8, unapata 14:00, ambayo ndiyo saa 8 mchana. Kwake maana zote mbili zinakutana, kwa hiyo ujumbe unaonekana hauna kasoro. Hilo hutokea tu kwa peshenti aliyeanza saa 12 kamili, iwe asubuhi au jioni. Bedi 4 alianza 11:00, saa 5 asubuhi, kwa hiyo dozi yake ya pili ni 19:00, saa 1 usiku.

Angalieni kingetokea nini. Akipewa 14:00, yamepita masaa 3 tu tangu dozi ya kwanza, halafu anakaa masaa 21 bila dawa hadi dozi ya tatu. Akipewa 02:00, yamepita masaa 15. Artemether inaua vimelea haraka lakini inatoka mwilini ndani ya masaa machache, ndiyo maana ya pili haisubiri hadi usiku wa manane. Lumefantrine ndiyo inayobaki siku kadhaa kumalizia vimelea vilivyosalia, lakini utumbo unaifyonza kidogo kidogo, na bila mafuta inafyonzwa kidogo zaidi. Kwa sababu hiyo dozi zimegawanywa sita, na kuzibana mbili pamoja hakufidii pengo linalofuata.

Sasa ratiba kamili, hii ndiyo iingie kwenye chati.

BEDI 2, kilo 12, kidonge 1 kila dozi (jumla 6):
Leo 06:00 (imetolewa), leo 14:00. Kesho 06:00 na 18:00. Keshokutwa 06:00 na 18:00.

BEDI 4, kilo 18, vidonge 2 kila dozi (jumla 12):
Leo 11:00 (imetolewa), leo 19:00. Kesho 11:00 na 23:00. Keshokutwa 11:00 na 23:00.

Vidonge ni vile vya 20 mg/120 mg. Kabla ya kila dozi mtoto apate maziwa, au uji uliotiwa karanga, au anyonye. Akitapika ndani ya nusu saa, rudieni dozi nzima na mniite. Mwambieni mama wa bedi 4 kabisa kwamba saa 5 usiku itabidi amwamshe mtoto. Na akiruhusiwa, kwenye bahasha ya dawa msimwandikie "2 x 2" peke yake. Mama anaweza kuisoma vidonge viwili kwa siku mbili, na matibabu ni siku tatu. Mwandikieni saa za Kiswahili anazozitumia nyumbani, kisha arudie kwa mdomo wake.

BEDI 5 ni mtego ule ule. Artesunate hutolewa saa 0, masaa 12, masaa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza, halafu anapewa ALu kozi nzima. Alianza 07:00, saa 1 asubuhi. Dozi ya pili ni 19:00, saa 1 usiku, wala si saa 12 jioni. Ya tatu ni kesho 07:00. Njia rahisi ya kuhakiki: ukiongeza masaa 12, namba kwenye saa ya Kiswahili haibadiliki, saa 1 inabaki saa 1. Ukiona namba imebadilika, kuna kosa.

Kipimo chake: 2.4 mg mara kilo 50 ni 120 mg, yaani vichupa viwili vya 60 mg. Kila kichupa changanya na sodium bicarbonate 1 ml, tikisa hadi maji yawe angavu, kisha ongeza normal saline 5 ml. Utapata 10 mg kwa kila ml, kwa hiyo ni 12 ml kwenye mshipa, taratibu, 3 hadi 4 ml kwa dakika. Ikibaki na ukungu, mwaga. Changanyeni muda wa kutoa ukifika, maana ikikaa zaidi ya dakika 60 haitumiki. Kumbukeni saa 1 usiku bedi 4 na 5 zinagongana, hivyo mtoto apewe vidonge kwanza, ndipo mchanganye ya bedi 5.

Kuanzia handova hii, muda wa kwenye saa uandikwe kwa tarakimu nne, 19:00. Muda wa kuhesabu uandikwe "baada ya masaa 8". Najua walimu wa Kiswahili fasaha wanakataa "masaa", na kwa sarufi wana haki. Ila kwenye chati hiyo "ma" ndiyo inayotenganisha muda wa kungoja na saa ya ukutani, kwa hiyo hapa kazini tunaitumia. Neno "saa 8" peke yake lisionekane tena kwenye dawa.

Nesi, nisomee ulichoelewa.

13:41 – Nesi wa zamu ya mchana

Bedi 2, kidonge 1, 14:00. Bedi 4, vidonge 2, 19:00, baada ya masaa 8 tangu 11:00. Bedi 5, artesunate 120 mg, 12 ml, 19:00, baada ya masaa 12 tangu 07:00, inachanganywa baada ya bedi 4 kumeza. Nimefuta "saa 8" kwenye chati zote mbili kwa mstari mmoja na kutia sahihi.

13:43 – Sista wa zamu ya asubuhi

Marahaba, mdogo wangu. Ndivyo nilivyokusudia. Ubao wa ukutani nao nimeubadilisha kabla ya kutoka.