Salma na Geti la Nyuma: Igizo la Mahakama kwa Klabu ya Midahalo

Kabla ya kuanza

Igizo hili ni la Kidato cha Pili hadi cha Nne na linatosha vipindi viwili vya dakika 40, mjadala ukiwamo. Nimelijenga kwa mfano wa Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu huko ndiko Mtanzania wa kawaida hukutana na sheria kwa mara ya kwanza, kwa Kiswahili. Katika igizo hili hakimu haketi peke yake: pembeni yake wapo wazee wa baraza wenye sauti katika uamuzi. Nimeongeza wasemaji wa pande mbili ili wanafunzi wengi zaidi wapate zamu.

Sharti ni moja: anayesimama ndiye anayesema. Anayetaka kupinga husimama, hutamka "Pingamizi", kisha husubiri aulizwe. Hapo shahidi hunyamaza hata kama neno liko mdomoni.

Mashahidi wakae nje ya darasa mpaka waitwe. Tafadhali msilipuuze hili. Shahidi aliyemsikia mwenzake hujikuta anakumbuka ya mwenzake, hata asipokusudia.

Andaeni kwa mkono karatasi tatu: kibali, ukurasa wa daftari la geti na ukurasa wa daftari la mahudhurio ya walimu.

Wahusika: Hakimu, Mzee wa Baraza wa Kwanza na wa Pili, Karani, Msemaji wa Shule, Mtetezi, Salma ambaye ni mshtakiwa wa Kidato cha Tatu, Mzee Chande ambaye ni mlinzi, Kiranja wa Zamu, Mwalimu wa Afya.

Kanuni ya 9 ya shule: *Mwanafunzi haruhusiwi kutoka nje ya uzio wa shule wakati wa masomo bila kibali cha mwalimu wa zamu. Atakayekiuka atasimamishwa masomo kwa siku 7.*

---

KARANI: Kooorti!

*(Wote wanasimama. Hakimu na wazee wa baraza wanaingia, wanaketi. Wote wanaketi.)*

KARANI: Shauri la Shule dhidi ya Salma. Mshtakiwa anadaiwa kwamba siku ya Jumanne, saa 4:35 asubuhi, alitoka nje kwa geti la nyuma bila kibali, kinyume cha Kanuni ya 9.

HAKIMU: Salma, umelielewa shtaka?

SALMA: *(anasimama)* Nimelielewa, mheshimiwa.

HAKIMU: Ni kweli au si kweli?

SALMA: Si kweli.

HAKIMU: Kaa. Kabla hatujaendelea, sikilizeni nyote. Kosa la shule si jinai, lakini tunaazima utaratibu kutoka Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6). Inatutaka tumsikilize mtu kwa ukamilifu, na inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kwa hiyo Salma hana mzigo wa kuthibitisha kwamba hana kosa. Aliyeleta shtaka ndiye alithibitishe. Msemaji wa Shule, mlete shahidi wako.

MSEMAJI WA SHULE: Namwita Mzee Chande.

*(Mzee Chande anaingia, anaahidi kusema kweli tupu.)*

MSEMAJI WA SHULE: Shikamoo, mzee.

MZEE CHANDE: Marahaba, mwanangu.

MSEMAJI WA SHULE: Ieleze mahakama ulichokiona Jumanne.

MZEE CHANDE: Nilikuwa geti la nyuma. Huyu binti akapita akielekea barabarani. Nikaandika kwenye daftari: Salma, Kidato cha Tatu, ametoka saa 4:35. Kurudi, saa 5:50.

MSEMAJI WA SHULE: Alikuonyesha kibali?

MZEE CHANDE: Hakunionyesha.

MSEMAJI WA SHULE: Naomba daftari la geti lipokelewe kama kielelezo.

HAKIMU: Mtetezi, una pingamizi?

MTETEZI: *(anasimama)* Sina, mheshimiwa. Sisi pia tunalihitaji.

HAKIMU: Limepokelewa. Mtetezi, muulize shahidi.

MTETEZI: Shikamoo, mzee. Mwanafunzi akifika getini, kazi yako ni ipi?

MZEE CHANDE: Marahaba. Kumwomba kibali.

MTETEZI: Salma ulimwomba?

*(Kimya. Mwigizaji asikimbilie jibu. Kimya hiki nacho ni sehemu ya ushahidi.)*

MZEE CHANDE: Sikumwomba. Lori la kuni lilikuwa linaingia, nilishika geti kwa mikono miwili.

MTETEZI: Kwa hiyo hujui kama alikuwa nacho mfukoni.

MZEE CHANDE: Sijui, mwanangu. Siwezi kusema nisichokijua.

MTETEZI: Ahsante, mzee.

HAKIMU: Shahidi wa pili.

*(Kiranja anaingia, anaahidi.)*

KIRANJA: Salma alitoroka kwenda kula mihogo. Asha aliniambia kwamba alimwona akiwa...

MTETEZI: *(anasimama)* Pingamizi.

*(Kiranja ananyamaza.)*

HAKIMU: Sababu?

MTETEZI: Shahidi hakuona. Anasimulia macho ya Asha, na Asha hayupo hapa nimuulize alisimama wapi, mbali kiasi gani, na kama ni yeye Salma kweli.

MSEMAJI WA SHULE: *(bado ameketi)* Lakini shule nzima inajua kwamba...

HAKIMU: Msemaji, umeketi.

MSEMAJI WA SHULE: *(anasimama)* Samahani, mheshimiwa. Asha ni mgonjwa, hakuja shuleni leo. Tunaomba maneno yake yapokelewe kupitia Kiranja.

HAKIMU: Pingamizi limekubaliwa. Maneno ya Asha atayasema Asha. Mkitaka tuahirishe mpaka apone, ombeni. Hatutamnyima Salma nafasi ya kumuuliza anayemtuhumu.

MSEMAJI WA SHULE: Tunaendelea bila Asha. Kiranja, tueleze ulichokiona wewe mwenyewe.

KIRANJA: Nilimwona aliporudi, saa sita kasoro kumi. Nikamuuliza, akanipa karatasi. Imeandikwa 10:20. Yeye katoka saa nne asubuhi, kibali kimeandikwa saa kumi jioni! Hiyo karatasi ilitengenezwa baadaye.

MSEMAJI WA SHULE: Karatasi ni hii?

KIRANJA: Ndiyo hiyo.

*(Kibali kinapokelewa. Karani anakisoma kwa sauti: "Salma, Kidato cha Tatu, anaumwa jino. Aende duka la dawa. 10:20. Arudi 11:00." Kina sahihi ya Mwalimu wa Afya.)*

HAKIMU: Mtetezi.

MTETEZI: Kiranja, Salma alikupa karatasi hii saa ngapi?

KIRANJA: Palepale aliporudi. Saa sita kasoro kumi.

MTETEZI: Mchana?

KIRANJA: Mchana.

MTETEZI: Uliishika mkononi mchana, nawe unasema iliandikwa jioni ya siku hiyohiyo?

*(Darasa linaweza kucheka. Hakimu agonge meza mara moja tu, angoje kimya. Kiranja asiigizwe kama mjinga: amesoma tarakimu kama sisi sote tunavyozisoma.)*

KIRANJA: Mimi nilisoma kilichoandikwa.

HAKIMU: Upande wa utetezi, leta shahidi.

*(Mwalimu wa Afya anaingia, anaahidi.)*

MTETEZI: Shikamoo, mwalimu. Kibali hiki ni chako?

MWALIMU WA AFYA: Marahaba. Ni changu. Naandika kama simu yangu inavyoonyesha. Hiyo 10:20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi, na 11:00 ni saa tano kamili.

MTETEZI: Jumanne uliondoka shuleni saa ngapi?

MWALIMU WA AFYA: Saa tisa na nusu alasiri. Nilisaini.

*(Daftari la mahudhurio linapokelewa: "saa 9:30 alasiri".)*

HAKIMU: Msemaji wa Shule.

MSEMAJI WA SHULE: Shikamoo, mwalimu. Jumanne wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wa zamu?

MWALIMU WA AFYA: Marahaba. Hapana. Wa zamu alikuwa anasimamia mtihani wa Kidato cha Nne.

MSEMAJI WA SHULE: Kanuni ya 9 inataja kibali cha nani?

MWALIMU WA AFYA: Cha mwalimu wa zamu. Ila mtoto anayeumwa huletwa kwangu, na nimetoa vibali vya namna hii mwaka mzima. Hakuna aliyerudishwa.

MSEMAJI WA SHULE: Sina swali zaidi.

*(Salma anasimama, anaahidi.)*

MTETEZI: Salma, tueleze.

SALMA: Jino liliniuma tangu usiku. Mwalimu akanipa kibali, nikaenda duka la dawa muhimu, nikanunua dawa, nikarudi.

MSEMAJI WA SHULE: Kutoka getini mpaka dukani ni mwendo wa dakika ngapi?

SALMA: Kama kumi.

MSEMAJI WA SHULE: Kwenda na kurudi, ishirini. Wewe umekaa saa nzima na robo. Dakika nyingine ulikuwa wapi?

SALMA: *(anamtazama Mtetezi)*

HAKIMU: Jibu ni lako, Salma, si la Mtetezi.

SALMA: Nilipita kwa mama mdogo wangu. Anauza mihogo. Akaniambia dawa hainywewi tumbo likiwa tupu. Nikala.

MSEMAJI WA SHULE: Kwa hiyo Kiranja alisema kweli kuhusu mihogo.

SALMA: Kuhusu mihogo, ndiyo. Kutoroka, hapana.

HAKIMU: Kila upande una dakika moja. Msemaji.

MSEMAJI WA SHULE: Mheshimiwa, tumeisikia habari ya saa, na dai la karatasi kutengenezwa jioni tunaliondoa. Lakini kanuni inataja mwalimu mmoja tu. Kila mwalimu akianza kutoa ruhusa, siku mtoto akigongwa na pikipiki barabarani, nani atajua alikuwa nje? Na Salma amekiri mwenyewe kwamba alichelewa.

MTETEZI: Mheshimiwa, Salma ni mtoto aliyeumwa, akaenda kwa mwalimu, akapewa karatasi. Alipaswa kufanya nini tena? Akavunje mtihani wa Kidato cha Nne? Na kuchelewa hakumo katika shtaka. Hatukuandaa utetezi wa kuchelewa kwa sababu hatukuambiwa.

*(Hakimu na wazee wa baraza wanashauriana kwa sauti ya chini. Wapeni dakika 3 kamili. Wasiofuata uamuzi ulioandikwa hapa wana ruhusa, mradi waseme sababu zao kutokana na yaliyosemwa mahakamani.)*

MZEE WA BARAZA WA KWANZA: Mimi naona hana kosa. Shule imezoea kupokea sahihi ya Mwalimu wa Afya mwaka mzima. Haiwezi kuikataa siku moja, kwa mwanafunzi mmoja.

MZEE WA BARAZA WA PILI: Mimi naona ana kosa. Kanuni imeandikwa na tumeisoma. Mazoea hayaifuti. Ila siku 7 kwa jino linalouma ni adhabu nzito mno, ningempa onyo.

HAKIMU: Nami natoa maoni yangu. Kuhusu saa, kibali kiliandikwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, robo saa kabla Salma hajapita getini. Daftari la geti, daftari la walimu na Kiranja mwenyewe wanakubaliana. Kuhusu sahihi, nakubaliana na Mzee wa Baraza wa Kwanza: Salma hakuwa na njia ya kujua kwamba sahihi iliyowatosha wenzake yeye haitamtosha. Kuhusu kuchelewa, mahakama hii haimtii mtu hatiani kwa kosa asiloshtakiwa. Shule ikitaka, ilete shtaka hilo, nasi tutalisikiliza kwa utaratibu uleule. Kwa wingi wa sauti mbili kwa moja, Salma hana hatia. Maoni ya Mzee wa Baraza wa Pili yaandikwe kwenye kumbukumbu kama alivyoyasema, yasifupishwe. Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa.

MSEMAJI WA SHULE: *(anasimama)* Mheshimiwa, naomba nakala ya maoni ya Mzee wa Baraza wa Pili.

HAKIMU: Karani atakupa leo.

KARANI: Kooorti!

*(Wote wanasimama mpaka Hakimu na wazee wa baraza watoke. Mzee Chande anabaki nyuma, anachukua daftari lake la geti, anachomoa kalamu na kuchora mstari mpya kando ya majina: "Kibali, nimekiona / sijakiona.")*