Maelekezo ya picha: tangazo la mtungi wa gesi wa kilo 6, Tanga

Tengeneza picha ya tangazo, wima, uwiano wa 4:5, yenye sura ya picha ya kamera na si ya kuchora. Mahali ni uani kwa nyumba ya Kiswahili mtaa wa Ngamiani, Tanga mjini. Ni saa mbili asubuhi: jua limeshapanda kidogo upande wa mashariki na vivuli bado ni virefu. (Usiisome kuwa ni usiku wa manane.)

Sakafu ni saruji iliyofagiliwa, kuta zimepakwa chokaa iliyoanza kufifia, paa la bati. Kamba ya nguo, ndoo mbili zenye vifuniko, mbuzi ya kukunia nazi ukutani. Jiko la mkaa liko pembeni limezimwa, kwa kuwa nyumba nyingi hutumia mkaa na gesi vyote viwili. Kupitia mlango ulio wazi ionekane baiskeli imeegeshwa barazani; Tanga bila baiskeli si Tanga.

Katikati, mama wa miaka 50 hivi anageuza chapati kwenye chuma bapa. Jiko limefungwa juu ya mtungi wenyewe, na moto ni wa bluu, mdogo. Amevaa dera la pamba, mtandio kichwani, na kanga moja kiunoni. Kanga iwe na pindo linaloonekana wazi, ila jina lake lifichwe kwenye mkunjo, maana herufi za kubuni hutoka ovyo na kila msomaji wa Kiswahili ataziona. Kitenge hakina jina, usivichanganye.

Kijana wa miaka 22, mwanawe, yuko mlangoni kwa fulana ya kola, suruali ya jinzi na ndala. Babu amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa msuli, shati na kofia ya vitobo, anamcheka mjukuu.

Nyuso: mama ni maji ya kunde, kijana mweusi wa kukolea, babu yuko kati yao. Usiwapaushe wala usiwalainishe ngozi. Acha vinyweleo, mikunjo ya macho, mvi za babu na jasho jepesi la mama. Wasifanane kama mapacha, ila waonekane ni ndugu. Hakuna anayetazama kamera. Wana furaha ya asubuhi ya kawaida, siyo vicheko vya meno yote.

Usiweke: shuka jekundu, shanga shingoni, mgunga na jua linalozama, mnyama wa porini, nyumba ya nyasi, mtoto mwenye nguo zilizochanika, moshi mzito, mzungu anayesaidia, wala jiko la kigeni la marumaru. Jana picha ilirudi na twiga nyuma ya ukuta.

Mtungi uwe wa bluu, bila nembo wala maandishi. Robo ya juu iachwe ukuta mtupu. Maneno tutaweka wenyewe.