Jibu kwa dada aliyelalamikia rangi ya nywele

Waalaikum salaam dada yangu. Mimi ndiye mwenye saluni hii ya Mwembeladu. Picha nimeziona, na uliyoyaandika nimeyasoma yote. Pole sana. Uliomba rangi ya asali, ukatoka na shina la njano na nywele za chini za chungwa, kisha ukaambiwa "itakaa sawa ukiosha". Haikai. Neno hilo halikufaa kusemwa.

Kosa ni letu. Blichi ikiwa karibu na ngozi hufanya kazi haraka kwa sababu ya joto la kichwa, ndiyo maana huanziwa katikati ya nywele, shina likaja mwisho. Sisi tulianza na shina. Tena hatukujaribu kishungi kimoja kwanza, na jaribio hilo lingetuonyesha mapema kwamba nywele zako zinagomea kwenye chungwa. Nywele zako zilikuwa na nini kabla ya siku hiyo sitolisema hapa mbele za watu. Kuuliza ilikuwa kazi yetu.

Jambo moja tu silikubali, uliposema dawa ilikuwa imepitwa na muda: haikuwa. Boksi lake ninalo, ukija nitakuonyesha. Dawa ilikuwa nzima, mikono ndiyo iliyokosea.

Shilingi 70,000 zako nakurudishia leo kwa simu ile ile uliyolipia, uje usije. Kurekebisha pia hutolipa, lakini ukitaka kwenda kwa mtu mwingine sitokulaumu.

Ukija kwetu, blichi nyingine sitokutia. Nitaangalia kwanza nywele zikiwa mbichi: zikivutika kama mpira, tunazilisha dawa ya protini na kusubiri. Zikiwa na nguvu, nitaweka tona yenye ubuluu kuuzima uchungwa, au tuziteremshe ziwe kahawia. Asali kamili kabla ya harusi ya mdogo wako Ijumaa siwezi kukuahidi. Kahawia iliyolingana, inshaallah, naiweza.

Kwa sasa usipake piko wala rangi nyeusi ya boksi juu yake. Najua ndiyo njia ya haraka ya kuficha, ila kuiondoa baadaye ni taabu kubwa. Hina pia iache, na pasi. Na kama kichwa kinawasha sana, kimevimba au kina vidonda, nenda hospitali kwanza, rangi itasubiri.

Kesho baada ya Isha tutakuwa tumefunga, tutakuwepo mimi na wewe tu. Nimekutumia ujumbe wa faragha, nijibu huko.

Na yule kijana wangu wa kazi aliyekujibu kwamba "nywele zako ndizo mbaya" nimemwambia afute. Ataomba radhi mwenyewe, ana kwa ana.