Emoji na Hisia Zetu Katika Maandishi

Mwenyekiti, walezi wetu na vijana wenzangu, habari za jioni.

Mtu akikujibu "Haya" tupu, amekubali, amenuna au ana haraka? Mngekuwa mnaongea, sauti yake ingekujulisha mara moja. Maandishi hayana sauti wala uso, na pengo hilo ndilo emoji imekuja kuliziba.

Haja hiyo ni ya zamani. Tarehe 19 Septemba 1982, mtaalamu wa kompyuta Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza utani uwekewe alama :-) maana mizaha ilikuwa ikidhaniwa ni kweli. Mwaka 1999 kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ya Japani ikatoa picha 176 zilizobuniwa na Shigetaka Kurita, na nyingi hazikuwa nyuso hata kidogo.

Leo emoji ya mwisho ndiyo inayoamua sentensi nzima isomweje. "Umechelewa tena" ikifuatwa na kicheko ni utani wa marafiki. Ikifuatwa na nukta ni lawama. Hata kutoiweka kumekuwa ujumbe: aliyezoea kukutumia vicheko, siku akiviacha, unauliza, "Kuna nini?" Zamani ukimya wa namna hiyo haukuwa na maana yoyote.

Matatizo yanaanzia hapo. Vijana tukituma fuvu, tumekufa kwa kicheko; mzazi akiliona anafikiria msiba. Na dole gumba, tunalolitupia kila kitu? Mwaka 2023 mahakama ya Saskatchewan, Kanada, iliamua kuwa lilitosha kuwa saini ya mkataba wa kuuza mazao. Aliyelituma alijitetea kwamba alikuwa anathibitisha tu kuupokea mkataba, akashindwa.

Halafu simu zenyewe. Hutumi picha, unatuma namba: uso unaolia kwa kicheko ni U+1F602, na simu ya mwenzako ndiyo inayouchora kwa mtindo wake. Apple walipogeuza bastola kuwa ya maji mwaka 2016, kampuni nyingine ziliendelea kuonyesha bastola ya kweli. Mzaha wako ungeweza kufika ukiwa tishio. Simu ya zamani isiyoitambua namba huonyesha kiboksi kitupu tu.

Kwa hiyo kabla hujatuma, soma ujumbe wako bila emoji. Ukigeuka tusi, ongeza maneno: "Nakutania tu" haichorwi tofauti kwenye simu yoyote. Kwenye msiba andika pole kwa maneno, umtaje marehemu. Moyo uliovunjika peke yake ni mwepesi mno. Na mkianza kurushiana nyuso zenye hasira, acheni kuandika, pigianeni.

Sasa kaeni wawiliwawili. Kila mmoja aandike "Sawa" mara tatu kwa emoji tatu tofauti, amwonyeshe mwenzake, naye aseme amesikia sauti gani. Mna dakika 5.